Sanduku la huduma ya kwanza kazini: vitu vya lazima, tarehe zake, na ukaguzi wa kila mwezi

*Shikamoo mwalimu. Nimekabidhiwa sanduku la huduma ya kwanza la karakana yetu ya useremala, tuko watu 18. Bosi anataka niandike orodha ya vitu vya lazima, na kila mwezi nisaini kwamba limekaguliwa. Nimelifungua nikakuta limejaa, lakini sijui kipi kinatakiwa, kipi kimeharibika, na zile tarehe zilizoandikwa zina maana gani. Nianzie wapi?*

Marahaba. Anzia mezani. Nawa mikono uikaushe, tandika karatasi safi, kisha toa kila kilichomo hadi sanduku libaki tupu. Ukichungulia kwa juu tu, utaona limejaa na utasaini, na hivyo ndivyo masanduku mengi mabovu yanavyopata sahihi miezi na miezi.

Niliwahi kuitwa kufundisha kwenye karakana inayofanana sana na yenu. Sanduku lao lilikuwa limefura hadi kifuniko hakifungi vizuri, na kadi yake ilikuwa na sahihi za miezi minane mfululizo, zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Tulilimwaga mezani. Bunda kubwa la pamba lililokwishafunguliwa lilichukua karibu nusu ya nafasi. Kulikuwa na karatasi tatu za vidonge vya maumivu, na chupa ya dawa ya vidonda ambayo lebo yake ilishafutika. Glovu zilikuwa tano, zote za mpira wa kawaida, na ya kwanza niliyoivuta ilichanika kama karatasi. Plasta zilikuwa 30. Niliibandika moja mkononi, nikakunja kidole mara mbili, ikadondoka. Bandeji za jeraha zenye pedi zilikuwa nne. Moja karatasi yake ilikuwa imetoboka kwa ncha ya mkasi uliokuwa humo humo, ya pili ilikuwa na doa la manjano la maji yaliyowahi kuingia, ya tatu ilikuwa imepitwa na tarehe kwa miezi mitano. Basi katika sanduku lililojaa namna ile, kitu cha kuzuia damu ambacho ningekitegemea kilikuwa kimoja tu.

Kwa hiyo ukikagua, usijiulize sanduku limejaa kiasi gani. Jiulize: seremala akijikata kiganja kwa patasi sasa hivi, nina nini cha kutumia mpaka afike kwa daktari? Hesabu ya vitu inatokana na hilo. Tulifuate tukio hilo hatua kwa hatua, maana ndilo litakalokupa orodha yako.

Anayemsaidia anavaa glovu. Mara nyingi mtu wa pili anashika mkono ulioumia uwe juu, naye anahitaji glovu, kwa hiyo jozi mbili zimekwenda. Bandeji ya kwanza inawekwa juu ya jeraha na kukandamizwa. Damu ikipenya, ya pili inaongezwa juu yake, na jeraha baya linaweza kudai ya tatu. Kisha mkono unatundikwa kifuani kwa bandeji ya pembetatu. Jeraha moja la dakika kumi limekula jozi mbili za glovu, bandeji mbili au tatu na pembetatu moja. Kama sanduku lilikuwa na bandeji mbili tu, seremala mwingine akiumia jioni hiyo hana kitu.

Kwa karakana ya watu 18, hiki ndicho kiwango ambacho hesabu isishuke chini yake:

- bandeji za jeraha zenye pedi, za ukubwa wa kati (pedi ya takriban sentimita 12 kwa 12): 6
- bandeji za jeraha kubwa (takriban sentimita 18 kwa 18): 2
- pedi za macho: 2
- bandeji za pembetatu: 4
- plasta za ukubwa mbalimbali, kila moja kwenye karatasi yake: 40
- glovu za kutupa, za naitrili: jozi 6
- pini za kufungia bandeji: 6
- utepe wa kubandikia bandeji: bunda 1
- vitambaa vyenye unyevu vya kusafishia ngozi, visivyo na spiriti: 10
- mkasi wenye ncha butu, na kibano cha kutolea vibanzi: kimoja kimoja
- kinga ya mdomo ya kupulizia pumzi: 1
- karatasi ya maelekezo ya huduma ya kwanza, kadi ya hesabu na kalamu

Bandeji zote na pedi za macho ziwe zimefungwa moja moja na zisiwe na vijidudu. Ofisi ya watu wanaokaa mezani ingetosheka na plasta 20, pembetatu 2 na jozi 3 za glovu. Nimezipandisha kwenu kwa sababu vibanzi na mikwaruzo ni kazi ya kila siku, na kwa sababu glovu huchanika zikivaliwa kwa haraka na mikono yenye jasho. Chagua saizi kubwa, maana mkono mdogo huingia kwenye glovu kubwa, lakini mkono mkubwa hauingii kwenye glovu ndogo.

Macho yanahitaji maelezo yake. Ikiwa mna bomba la maji safi karibu na mashine, hilo ndilo la kukimbilia vumbi la mbao likiingia jichoni. Ikiwa hakuna, weka angalau lita moja ya maji maalumu ya kuoshea macho, kwenye chupa zilizofungwa na kiwanda. Chupa mbili za mililita 500 ni bora kuliko moja ya lita, kwa sababu chupa ikishafunguliwa haihifadhiwi tena, hata kama imetumika kidogo sana. Lakini lita moja ni ya vumbi. Kama mnatumia kemikali kali za kubandua rangi ya zamani, jicho lililorukiwa linahitaji maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na hakuna sanduku la ukutani linaloweza kubeba maji hayo. Hapo zungumza na bosi juu ya bomba la kuoshea macho.

Kama mna msumeno wa meza, ongeza mkanda wa kukaba damu uliotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, na mtu aliyefundishwa kuutumia. Mkanda wa suruali na kamba ya kawaida havifanyi kazi hiyo ipasavyo.

Sasa vya kutoa. Vidonge vyote viondoke, hata vya maumivu ya kichwa. Anayevigawa hajui nani ana mzio navyo, nani ni mjamzito, nani amekwishameza dawa nyingine asubuhi, na aspirini humwongezea kutokwa damu mtu aliyeumia. Mgonjwa wa pumu abaki na dawa yake mwenyewe mfukoni. Pamba nayo iondoke, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye kidonda na anayekuja kukisafisha anazing’oa moja moja. Chupa isiyo na lebo haina nafasi popote. Ukimaliza kutoa vitu hivi, utashangaa vile vya lazima vinavyoenea bila kusongamana, na kusongamana ndiko kunakotoboa karatasi za bandeji.

Tarehe zinasumbua wengi, lakini ukijua alama mbili utazisoma. Alama ya saa ya mchanga ina maana ya mwisho wa kutumia. Alama ya kiwanda, kijumba chenye paa la meno ya msumeno, ina maana ya siku kilipotengenezwa. Watu huzichanganya hizi mbili, wakatupa kitu kizima kwa kudhani kimekwisha, au wakakiacha kilichokwisha. Kando ya saa ya mchanga ukisoma 2027-03, kitu hicho kinatumika hadi siku ya mwisho ya Machi 2027. Ukisoma 2027-03-15, mwisho wake ni siku hiyo hiyo. Ukikuta 05/06/2027 na huna hakika siku ni ipi na mwezi ni upi, chukua tarehe inayotangulia, yaani tarehe 6 Mei.

Mara nyingine tarehe imechapishwa kwenye boksi la nje tu, na ukilitupa boksi umeitupa tarehe. Nakili tarehe kwenye stika ndogo ubandike juu ya pakiti. Usiiandike kwa kalamu ya wino katikati ya karatasi ya bandeji, kwa sababu wino unaweza kupenya hadi ndani na ncha ya kalamu inaweza kutoboa. Mkasi, kibano na pini havina mwisho wa kutumika. Hivyo vinaangaliwa kutu na makali. Bandeji ya pembetatu ya kitambaa ambayo haikufungwa kama kitu kisicho na vijidudu mara nyingi haina tarehe pia, na inatosha iwe safi na kavu.

Kuna jambo ambalo tarehe haikuambii. Maneno “haina vijidudu” kwenye pakiti ni kweli kwa muda wote ambao pakiti ni nzima. Tarehe inaweza kuwa na miaka mitatu mbele, lakini kama karatasi imepasuka, imewahi kulowa, au ule ukingo uliobandikwa umeachia, kitu hicho hakina tofauti na kitambaa cha kawaida. Kwa hiyo kila pakiti ipitishe mkononi mbele ya mwanga na upapase kingo zake zote nne. Bandeji iliyowahi kulowa utaijua kwa karatasi iliyojikunja au doa lenye ukingo, hata kama sasa imekauka. Plasta na glovu huharibiwa zaidi na joto kuliko na tarehe. Gundi hukauka na mpira hukatika, hasa sanduku likiwa karibu na dirisha lenye jua au juu ya mashine inayotoa moto. Ndiyo maana napenda naitrili, inavumilia zaidi, na haina ule mpira wa asili unaowadhuru watu wenye mzio nao.

Utaulizwa kama kilichopita tarehe kinaweza kutumika. Kwa ukaguzi, jibu ni hapana, kinatoka siku hiyo hiyo. Kwa dharura ni tofauti. Mtu anavuja damu nyingi na bandeji pekee iliyopo ilikwisha mwezi jana? Itumie na ukandamize, damu haingoji. Maji ya macho yaliyopita tarehe usiyatumie. Maji safi ya bomba ni bora kuliko hayo. Bandeji zilizotolewa zikiwa safi andika “MAFUNZO” kwa herufi kubwa uziweke mbali na sanduku, zinafaa sana kwa mazoezi ya kufunga.

Baada ya siku hiyo ya kwanza, ukaguzi wa mwezi hautakuchukua zaidi ya dakika 15. Chagua siku isiyohama, mathalani Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla mashine hazijawashwa.

Kabla ya kulifungua, liangalie lilipo. Je, mtu anaweza kulifikia bila kusogeza mbao? Alama yake inaonekana kutoka kwenye mashine? Alama sahihi ni msalaba mweupe kwenye rangi ya kijani. Msalaba mwekundu kwenye nyeupe ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, haikuwekwa kwa ajili ya masanduku ya karakana, ingawa utaiona kwenye mengi. Je, limefungwa kwa ufunguo? Ufunguo unaokwenda nyumbani na mtu ni hatari. Mimi hushauri lakiri nyembamba ya plastiki yenye nambari, inayokatika kwa kuvutwa. Kwanza mtu aliyeumia hazuiwi, na pili wewe unajua mara moja kama sanduku limefunguliwa. Ukiona lakiri ni ile ile uliyoiandika mwezi uliopita, hakuna aliyegusa. Unaweza kuitupia jicho kila wiki ukipita, ni kazi ya sekunde chache.

Lakiri hiyo itakuletea tatizo moja. Plasta zinahitajika kila siku, na kila kidole kidogo kitakata lakiri. Dawa yake ni kuweka plasta 20 kwenye kikopo chenye kifuniko kando ya sanduku, na 20 zilizobaki ndani. Tangu nianze kushauri hivyo, naona masanduku yanakaa kamili kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu anayefuata plasta haendi tena na mkasi.

Kisha fungua, toa vyote, na fuata mstari mmoja mmoja wa kadi: idadi, pakiti, tarehe. Usihesabu kitu kibovu. Kila baada ya miezi mitatu toa sadaka plasta moja na glovu moja: plasta ibandike kwenye kifundo cha kidole uone kama itashika hadi saa ya chakula, glovu ivae uikunje ngumi. Zikishindwa, pakiti nzima inatiliwa shaka, siyo ile moja tu. Mkasi ujaribu kwenye kitambaa kikuukuu.

Katika tarehe, usiulize tu kama kitu kimekwisha leo. Uliza kama kitafika ukaguzi ujao. Tuseme unakagua Jumatatu, tarehe 1 Juni 2026, na chupa ya maji ya macho inaisha tarehe 20 Juni. Leo ni nzima, lakini utakaporudi tarehe 6 Julai itakuwa na zaidi ya wiki mbili ukutani ikiwa imekwisha. Hiyo ibadilishe leo. Kinachobakiwa na miezi mitatu kiandikie agizo leo, ili ucheleweshaji wa manunuzi usikukute mikono mitupu. Halafu tafuta tarehe moja iliyo karibu kuliko zote na uiandike kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko, hivi: *Cha kwanza kuisha: pedi za macho, 2026-11.* Mtu yeyote akifungua, hata kama si wewe, atajua.

Unaporudisha vitu, glovu ziwe juu kabisa, maana ndizo za kwanza kushikwa. Zifuate bandeji za jeraha, zinazoisha mapema zikiwa juu ya zinazochelewa. Mkasi na pini viwe kwenye mfuko wao, mbali na karatasi za bandeji. Weka lakiri mpya, kisha andika. Sahihi peke yake haina habari yoyote ndani yake, kwa hiyo mwombe bosi akubali mstari wa namna hii badala yake:

*1 Juni 2026. Lakiri ya zamani 0412, imekutwa nzima. Bandeji za kati 6, kubwa 2. Glovu jozi 5, imeongezwa 1. Maji ya macho chupa 1 imebadilishwa. Cha kwanza kuisha: pedi za macho, 2026-11. Lakiri mpya 0413.*

Mstari huu hauandikiki bila kufungua sanduku. Na kama siku moja utaumwa, atakayeshika kazi yako atajua alipoanzia.

Kitu kikitumika katikati ya mwezi, kisingoje Jumatatu yako. Weka akiba ndogo kabatini, walau bandeji za kati 4, jozi 4 za glovu na plasta 20, ili ujaze siku ile ile jeraha lilipotokea. Akiba hiyo ina tarehe zake pia, kwa hiyo ikaguliwe siku moja na sanduku: ya akiba inayoisha mapema iingie sandukuni, mpya ikae kabatini.

Kesho, ukishamwaga vyote mezani, gawa mafungu matatu: vizima, vya mafunzo, na vya kutupa. Hesabu fungu la vizima ukilinganisha na orodha niliyokupa, na upungufu utakaoupata ndio karatasi ya kwanza ya kumpelekea bosi, kabla hujasaini chochote.